Sinai bila vifaru: kuchambua kisa cha majadiliano bila kuchanganya msimamo na maslahi

Taarifa ya habari ikisema "mazungumzo yamekwama kwa kuwa kila upande umeshikilia maslahi yake", mara nyingi anachomaanisha mtangazaji ni kwamba kila upande umeshikilia msimamo wake. Redioni kosa hilo halimdhuru mtu. Kwenye kazi ya darasani ya kuchambua kisa cha majadiliano, linaangusha karatasi nzima, kwa sababu kila kinachofuata kinajengwa juu yake.

Nimesahihisha kazi za namna hii kwa muda, na kisa ninachokutana nacho mara kwa mara ni kile cha Camp David cha mwaka 1978, pale Misri na Israeli zilipojadili hatima ya Rasi ya Sinai. Sentensi inayojirudia ni hii: "Maslahi ya Misri ni kurudishiwa Sinai, na maslahi ya Israeli ni kubaki na sehemu ya Sinai." Mwanafunzi akishaandika hivyo, ameshajifungia. Ardhi ni moja, wanaoitaka ni wawili, basi kilichobaki ni kuigawa. Ukurasa wa mwisho utapendekeza "pande zote zilegeze kamba zikutane katikati", na mwalimu atabaki akijiuliza kwa nini Marekani ilihangaika siku 13 badala ya kuchukua rula na kuchora mstari.

Tuanze na maneno yenyewe. Msimamo ni kile mtu anachodai. Maslahi ni haja iliyomfanya adai. Mbadala ni kile atakachofanya peke yake mazungumzo yakivunjika. Vitabu vya somo hili hutaka ule ulio bora kuliko yote, na wanafunzi wengi wamezoea kuuita batna. Mkakati ni ushauri unaoupa upande mmoja baada ya kuyaelewa hayo yote.

Chukua mfano wa nyumbani. Ndugu wawili wanagombania gari la familia siku ya Jumamosi. Wa kwanza anataka kusafirisha kitanda asubuhi. Wa pili anasema gari halitoki, basi. Ukimuuliza wa pili "ili iweje?", inajitokeza kwamba mara ya mwisho gari lilirudishwa tangi likiwa tupu, naye Jumapili alfajiri ana safari. Hana haja ya gari Jumamosi hata kidogo. Ana haja ya mafuta. Madai yao yanagongana uso kwa uso, lakini haja zao zinaweza kupishana bila kugusana.

Hilo "ili iweje?" ndilo swali ninalowashauri wanafunzi walirudie mpaka lichoshe. Kuna na kipimo cha pili, rahisi zaidi: haja ya kweli inaweza kutimizwa kwa njia zaidi ya moja. Ulichokiandika chini ya kichwa "maslahi" kikiwa kina njia moja tu ya kutimizwa, bado umeandika msimamo.

Sasa kisa chenyewe, kwa ufupi. Israeli iliiteka Sinai katika vita vya Juni 1967. Ni eneo la takriban kilomita za mraba 60,000, sehemu kubwa jangwa na milima. Misri ilivuka Mfereji wa Suez katika vita vya Oktoba 1973, ikapata heshima na kipande cha ardhi, lakini si rasi nzima. Yakafuata makubaliano ya hatua kwa hatua ya mwaka 1974 na 1975, kisha Novemba 1977 Rais Anwar Sadat akasafiri mpaka Yerusalemu. Mazungumzo yalipodorora, Rais Jimmy Carter wa Marekani aliwaita Sadat na Waziri Mkuu Menachem Begin kwenye makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani, Camp David, tarehe 5 Septemba 1978. Walitoka tarehe 17 wakiwa na mwafaka, na mkataba wa amani ukatiwa saini tarehe 26 Machi 1979.

Nani yumo, hata kama hayumo chumbani

Jibu la haraka ni kwamba wahusika ni wawili, na msuluhishi mmoja. Jibu hilo linakosa sehemu kubwa ya kisa. Ninapendelea kuuliza mambo matatu: nani lazima akubali, nani anaweza kuharibu, na nani atalipa gharama bila kuulizwa.

Kwa upande wa Israeli, Begin hakuwa na uwezo wa kuamua peke yake kuhusu makazi ambayo walowezi wa Kiisraeli walijenga Sinai. Alisema angelipeleka suala hilo Bungeni, na kweli alilipeleka: siku chache baada ya Camp David, wabunge 84 waliunga mkono na 19 wakapinga. Kabla ya hapo, Ariel Sharon, waziri aliyejulikana kama mtetezi mkubwa wa walowezi, alimpigia Begin simu akiwa bado Camp David na kumweleza kwamba, kama makazi hayo ndiyo kizuizi pekee, yeye hatapinga. Sharon hakuwapo mezani. Lakini mwanafunzi anayemwacha nje ya orodha ya wahusika hataweza kueleza kwa nini Begin alilegea kwenye jambo aliloapa hatalegea.

Kwa upande wa Misri, sura ilikuwa kinyume. Sadat aliweza kuamua mengi mwenyewe, lakini ujumbe wake uligawanyika. Waziri wa Mambo ya Nje, Mohamed Ibrahim Kamel, alijiuzulu hukohuko Camp David kabla ya saini. Hapo pana fununu ya haja isiyoonekana kwenye ramani, nitaifikia.

Wapalestina, Yordani na Siria hawakuwapo kabisa, ingawa sehemu nzima ya mwafaka ilizungumzia Ukingo wa Magharibi na Gaza. Hao ndio wa kundi la tatu. Uchambuzi usiowataja utafika mwisho ukidhani kila mtu alishinda.

Na Marekani je? Wanafunzi wengi huiandika kama refa. Refa hana timu. Marekani ilikuwa na haja zake: kuupunguzia Umoja wa Kisovieti nafasi Mashariki ya Kati, kuzuia vita vingine, na kulinda jina la Carter mwenyewe aliyeweka heshima yake rehani hadharani. Tena ilikuwa na mfuko. Iandike kama mhusika mwenye haja, la sivyo hutaelewa ilipata wapi ubavu wa kuzisukuma pande mbili zote.

Kilicho chini ya madai

Misri ilidai Sinai yote, hadi inchi ya mwisho. Ili iweje? Si kwa sababu ya kulima jangwa. Ilikuwa ardhi yake tangu zamani, na kukubali kupoteza hata sehemu kungekuwa kukubali kwamba vita vinaweza kuhamisha mipaka ya nchi. Haja yake ilikuwa mamlaka: bendera, polisi, sheria, uwezo wa kusema "hii ni yetu". Chini yake kulikuwa na haja nyingine ya uchumi. Januari 1977 miji ya Misri ililipuka kwa ghasia baada ya serikali kutaka kupunguza ruzuku ya vyakula. Nchi haikuweza kuendelea kubeba gharama za kujiandaa kwa vita kila mwaka. Na kulikuwa na haja ya tatu, ile iliyomfanya Kamel ajiuzulu: kutoonekana mbele ya Waarabu wengine kama nchi iliyojinunulia ardhi yake kwa kuwatelekeza Wapalestina.

Israeli ilidai kubaki na sehemu. Ili iweje? Hapa ndipo kisa kinapofunguka. Israeli ilikuwa na viwanja vya ndege za kivita Sinai, ilikuwa na walowezi, lakini hofu yake kuu ilikuwa moja: vifaru vya Misri kusimama tena karibu na mpaka wake kama ilivyokuwa Mei 1967. Sinai ilikuwa umbali. Ilikuwa saa kadhaa za tahadhari kabla ya risasi ya kwanza. Haja ilikuwa usalama, na usalama una njia zaidi ya moja ya kutimizwa.

Sasa rudi kwa yule mwanafunzi mwenye rula. Chora mstari katikati ya Sinai. Misri inapata nusu ya ardhi yake, yaani inakubali kupoteza nusu. Haja yake ya mamlaka haijatimia hata robo. Israeli inapata nusu ya jangwa, lakini vifaru vya Misri sasa vinaweza kusogea mpaka kwenye huo mstari. Hofu yake imesogezwa tu, haijaondoka. Umetoa nusu kwa kila mmoja na hakuna aliyepata alichokihitaji. Imani kwamba kukutana katikati daima ni haki ndiyo inayoua kazi nyingi za somo hili. Katikati ni pazuri mnapogombania fedha taslimu, ambapo nusu ya shilingi bado ni shilingi. Mamlaka na usalama haviendi hivyo.

Kilichokubaliwa kiligawanya kitu kingine badala ya ardhi. Misri ilirudishiwa Sinai yote. Kisha Sinai hiyo ikagawanywa kwa aina ya askari wanaoruhusiwa kukaa humo. Karibu na mfereji, eneo A, Misri iliruhusiwa divisheni moja yenye askari wasiozidi 22,000, na vifaru vyake. Katikati, eneo B, vikosi vinne vya ulinzi wa mpaka, askari 4,000, bila vifaru. Upande wa mpaka wa Israeli, eneo C, polisi wa Misri wenye silaha ndogo pamoja na waangalizi wa kimataifa. Israeli nayo ilikubali ukanda mwembamba ndani ya ardhi yake, eneo D, wenye kikomo cha askari. Bendera ya Misri ikapepea mpaka mpakani, na vifaru vya Misri vikabaki mbali. Haja mbili zilizoonekana kugongana zilikuwa zinazungumzia vitu viwili tofauti.

Mbadala: sehemu inayokosewa zaidi

Kosa la kwanza ni kuchanganya mbadala na pendekezo. Mwanafunzi anaandika: "Mbadala wa Misri ni kuomba Sinai irudishwe kwa awamu." Hapana. Hilo ni pendekezo, linahitaji Israeli iseme ndiyo. Mbadala ni kile unachoweza kukifanya bila ruhusa ya aliye upande wa pili wa meza. Ukitaka kujua kama umekosea, soma sentensi yako na ujiulize: je, hili linawezekana hata wakikataa kuongea nami tena? Kama haliwezekani, lipeleke kwenye sehemu ya mapendekezo.

Kosa la pili ni kuorodhesha njia mbadala bila kuzipima. Tuzipime za Misri mnamo Septemba 1978. Ingeweza kurudi vitani. Lakini mwaka 1973 ilikuwa na faida ya kushtukiza, na bado haikuipata rasi yote. Tena ilikuwa imewafukuza washauri wa kijeshi wa Kisovieti mwaka 1972 na kuvunja mkataba wa urafiki na Moscow mwaka 1976, kwa hiyo chanzo cha silaha kilikuwa kimekauka. Ingeweza kurudi kwenye safu ya nchi za Kiarabu na kusubiri mkutano mkubwa wa kimataifa. Lakini safari ya Yerusalemu ilikuwa imeshaichafua huko, na kurudi mikono mitupu kungekuwa aibu tupu. Ingeweza kukaa tu. Kukaa kulikuwa na maana ya ardhi iliyotekwa na uchumi unaovuja. Mbadala wake ulio bora ulikuwa dhaifu, na kila mwaka ulizidi kudhoofika.

Israeli ilikuwa tayari imeishikilia ardhi. Kutofanya lolote kulikuwa mbadala usio na gharama ya haraka, na ndiyo maana wengi huandika kwamba Israeli "ilikuwa na nguvu zaidi". Hapo niulize: kama ni hivyo, mbona ilirudisha yote?

Nguvu ya mbadala haipimwi kwa kuulinganisha na mbadala wa mwenzako. Inapimwa kwa kuulinganisha na mwafaka unaowezekana. Israeli ikibaki Sinai ingeendelea kupata umbali, lakini isingeweza, kwa kukaa tu, kuiondoa Misri kwenye orodha ya nchi zitakazoishambulia. Misri ilikuwa na jeshi kubwa kuliko mataifa yote ya Kiarabu yaliyopakana na Israeli, na bila Misri ni vigumu kuona nani angeanzisha vita vya pande mbili. Kitu hicho kilikuwa mikononi mwa Sadat peke yake, na hakikuwa na soko jingine. Mbadala wa Israeli ulikuwa wa starehe kiasi, lakini mwafaka ulikuwa bora zaidi.

Kosa la tatu ndilo linalonivutia zaidi: kudhani mbadala ni kitu kilichogandishwa. Ijumaa ya tarehe 15 Septemba, Sadat aliagiza mizigo yake ifungwe na akaomba helikopta. Carter alikwenda kwenye nyumba yake na kumwambia waziwazi kwamba akiondoka, uhusiano wa Misri na Marekani utaharibika, na urafiki wao wawili utakwisha. Angalia alichokifanya. Hakuongeza hata kilomita moja ya Sinai mezani. Aliufanya mbadala wa Sadat uwe mbaya zaidi kuliko ulivyokuwa dakika kumi kabla. Sadat akabaki. Kwa Israeli mkono uleule ulifanya kazi kwa upande mwingine: Marekani ilikubali kusaidia kujenga viwanja viwili vya ndege za kivita katika jangwa la Negev badala ya vile vya Sinai, na hivyo hasara ya kuondoka ikapungua. Uchambuzi mzuri unaonyesha mbadala ulivyokuwa mwanzoni, nani aliusogeza, na kwa kutumia nini.

Ushauri unaosimama

Sehemu ya mkakati ndiyo yenye alama nyingi, na ndiyo inayoandikwa usiku wa mwisho. Kwanza amua unamshauri nani na siku gani. "Pande zote ziaminiane" si ushauri kwa mtu yeyote. Tuseme unamshauri Sadat, jioni ya tarehe 4 Septemba 1978. Basi sahau unachokijua cha mwaka 1979; hukijui bado. Karatasi inayopendekeza kilichotokea kwa sababu tu kilitokea haijachambua, imesimulia.

Ukiwa umesimama kwenye tarehe hiyo, ushauri unaweza kufuata uzi wa uchambuzi wako hivi. Kwenye mamlaka, usishuke hata hatua moja, kwa kuwa ndiyo haja yako ya kwanza na haigawanyiki. Kwenye idadi ya askari, vifaru, waangalizi na ratiba ya kuondoka, uwe mkarimu mapema, kwa kuwa hivyo vinakugharimu kidogo na kwa Israeli vina thamani kubwa. Usijadili uso kwa uso na Begin. Kikao chenu cha Yerusalemu na vilivyofuata vimeonyesha mnavyochomana. Iombe Marekani iandike rasimu moja, kila upande uikosoe, isahihishwe, irudi tena. Ndivyo ilivyokuja kufanyika: baada ya siku chache za ugomvi Carter aliwatenganisha, na rasimu ile ilipitia matoleo 23. Faida ya njia hii ni kwamba hakuna kiongozi anayelazimika kukubali wazo la adui. Anapunguza tu makosa kwenye karatasi ya mtu wa tatu.

Kisha andika kile ambacho ushauri wako unakitoa sadaka. Hapa kuna Palestina. Ukiifunga Sinai na Ukingo wa Magharibi katika furushi moja, Begin atakwama na utaondoka bila vyote. Ukizitenganisha, utaipata Sinai, na haja yako ya tatu, ile ya heshima mbele ya Waarabu, itavuja. Sadat alipata nyaraka mbili, ya Palestina ikiwa na lugha legevu. Misri ilisimamishwa uanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu mwaka 1979, makao makuu ya jumuiya yakahamishiwa Tunis, na Sadat mwenyewe akauawa tarehe 6 Oktoba 1981. Mimi bado ningemshauri atenganishe. Lakini ningemwandikia bei yake kwa herufi kubwa, na mwanafunzi anayefikia uamuzi tofauti akiwa ameiandika bei ya uamuzi wake, nampa alama zilezile.

Kuna mstari mmoja ambao karibu hakuna anayeuweka kwenye mkakati: itakuwaje tukitofautiana kuhusu maana ya tulichokisaini? Mkataba wa 1979 ulikuwa nao. Ulisema mgogoro wa tafsiri utatatuliwa kwa mazungumzo, na yakishindikana, kwa usuluhishi au mahakama ya waamuzi. Israeli ilipokamilisha kuondoka tarehe 25 Aprili 1982, kulibaki kipande kidogo cha ufukwe kiitwacho Taba, kwa sababu nchi hizo mbili hazikukubaliana jiwe la mpaka lilikuwa limesimama wapi hasa. Hakuna aliyepeleka askari. Walipeleka ramani za zamani na mawakili, waamuzi wakatoa hukumu yao Geneva mwaka 1988, na Machi 1989 Taba ikarudi Misri.